Trafu moja au sampuli mbili? Kuchagua njia ya kufuatilia vankomaisini kwa mtoto

Wodi nyingi za watoto, Moshi na Arusha, hutumia antibiotiki ya vankomaisini mara chache, na inapoanzishwa mtoto huwa mgonjwa kweli: mfupa umeoza usaha, damu imeotesha stafilokokasi sugu kwa kloksasilini, au paipu ya kichwani imepata maambukizi. Hapo mjadala wa dozi huisha haraka. Mjadala unaoendelea siku tatu nzima ni ule wa damu: tuchukue lini, mara ngapi, na namba ikirudi tuifanyie nini. Mimi ni mfamasia wa wodi, na hapa nalinganisha njia mbili zinazoshindana, yaani trafu moja na sampuli mbili za kukokotoa AUC. Mwishoni naongeza njia ya tatu kwa hospitali ambayo haina kipimo kabisa.

Dawa hii hutoka mwilini karibu yote kupitia figo, bila kubadilishwa na ini. Ikizidi inajikusanya kwenye seli za mirija ya figo na kuziumiza. Figo iliyoumia nayo inashindwa kuitoa, kiwango kinapanda, na kidonda cha figo kinaongezeka. Mzunguko huo ndio unaotulazimisha kupima. Lakini dozi ndogo kwa sababu ya woga nayo ina gharama yake, kwa kuwa mtoto mwenye figo nzima huitoa dawa haraka kuliko mtu mzima, na bakteria wanabaki wakimtafuna mfupa wakati sisi tunajipongeza kwa kulinda figo.

AUC ni jumla ya dawa ambayo damu imeiona kwa saa 24. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya Marekani wa mwaka 2020 unalenga AUC ya 400 hadi 600 kwa maambukizi mazito ya MRSA, yaani hiyo stafilokokasi sugu. Kwa watoto unaongeza tahadhari: AUC isifike 800, na trafu ibaki chini ya 15 mg/L. Trafu ni kiwango cha dawa muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, pale dawa inapokuwa chini kabisa. Kwa maneno mengine AUC ndiyo tunayoitaka, na trafu ni dirisha dogo la kuichungulia.

Tatizo la Tanzania, na si Tanzania tu, ni kwamba wengi wetu tulifundishwa mwongozo wa zamani wa 2009 uliosema trafu iwe 15 hadi 20 kwa maambukizi mazito. Namba hiyo ilitokana na watu wazima, ambao wengi hupewa dawa kila saa 12. Mtoto hupewa kila saa 6. Ukimpima mtoto kwa kipimo cha mtu mzima utaongeza dozi isiyohitaji kuongezwa. Nitaonyesha kwa hesabu.

Mtoto wa mfano

Tuchukue mtoto wa miaka 5 kutoka Usa River, kilo 16, urefu sentimita 105. Paja limevimba wiki mbili, usaha umeotesha MRSA. Kreatinini ya siku ya kwanza ni 35 µmol/L. Uchujaji wa figo tunaukadiria kwa kuzidisha urefu na 36.5, kisha kugawa kwa kreatinini: 36.5 × 105 ÷ 35, ambayo ni karibu 110. Figo ni nzima.

Kwa umri huu tunaanza na 60 mg kwa kilo kwa siku, yaani 15 mg/kg kila saa 6, sawa na 240 mg kila dozi. Chupa ya 500 mg inayeyushwa kwa mL 10 za maji ya sindano, kwa hiyo kila mL ina 50 mg, na dozi yetu ni mL 4.8. Inaongezwa kwenye bureti hadi jumla ya mL 48 za normal salaini, ili isizidi 5 mg kwa kila mL, na inapitishwa kwa saa nzima. Bureti ya matone 60 kwa mL hapa ni rahisi: mL 48 kwa saa ni matone 48 kwa dakika. Ikikimbizwa kwa dakika 15 mtoto anaweza kuwa mwekundu usoni na shingoni, akajikuna, hata presha ikashuka. Huo si mzio wa kumfungia dawa maisha. Simamisha, mpe antihistamini, kisha rudia polepole zaidi.

Njia ya kwanza: trafu moja

Damu inachukuliwa dakika 30 kabla ya dozi ya nne au ya tano. Kwa nini si ya pili? Nusu-uhai wa dawa kwa mtoto kama huyu ni saa tatu hadi nne, na inahitaji nusu-uhai nne au tano kabla kiwango hakijatulia. Dozi ya nne inaanguka saa 18 tangu mwanzo, kwa hiyo unapima kitu kilichokwisha tulia.

Uzuri wa trafu ni kwamba inahitaji sindano moja, chupa moja, bili moja, na hakuna hesabu. Sista wa zamu ya usiku anaweza kuichukua bila kumwita mtu. Na inakamata vizuri kitu kimoja muhimu, yaani dawa inayojikusanya. Trafu ikiruka kutoka 11 hadi 20 kwa dozi ileile, figo imepungua nguvu, na hakuna haja ya kukokotoa lolote ili uzuie dozi inayofuata.

Udhaifu wake ni kwamba namba moja haiwezi kukuambia dawa ilipanda hadi wapi wala ilishuka kwa kasi gani. Watoto wawili wenye trafu ya 10 wanaweza kuwa na AUC tofauti sana.

Njia ya pili: sampuli mbili

Sampuli ya kwanza inachukuliwa saa moja baada ya dripu kuisha, dawa ikiwa imeshasambaa kwenye tishu. Ya pili inachukuliwa kabla ya dozi inayofuata. Kwa mtoto wetu, dripu ilianza saa 6:00 mchana na kuisha saa 7:00. Damu ya kwanza, saa 8:00, ilisoma 28 mg/L. Ya pili, saa 11:30 jioni, ilisoma 14. Kwa saa tatu na nusu kiwango kimepungua nusu, hivyo nusu-uhai ni saa 3.5. Hesabu nzima inaingia kwenye karatasi moja:

```
k     = ln(28 / 14) / 3.5            = 0.198
Cmax  = 28 × e^(0.198 × 1)           = 34.1
Cmin  = 14 × e^(-0.198 × 0.5)        = 12.7
AUC24 = [(34.1 + 12.7)/2 × 1 + (34.1 - 12.7)/0.198] × 4
      = 526
```

Mstari wa kwanza unatafuta kasi ya kutoka kwa dawa. Wa pili unarudi nyuma saa moja hadi mwisho wa dripu, wa tatu unasogea mbele nusu saa hadi dozi inayofuata, na wa nne unajumlisha eneo la saa ya dripu na eneo la mteremko, kisha unazidisha kwa dozi nne za siku.

AUC ni 526. Mtoto yuko katikati ya lengo. Dozi haiguswi.

Sasa mfikirie daktari ambaye ana ile 12.7 peke yake, na kichwani ana 15 hadi 20. Ataandika "trafu ndogo, ongeza dozi", na atapanda hadi 320 mg kila saa 6. Mfikirie na mwingine anayempa mtoto huyuhuyu kiasi kilekile cha siku, lakini kwa mara tatu badala ya nne, ili kuwapunguzia wauguzi kazi. Kwa figo ileile, matokeo ni haya:

| Dozi | Jumla ya siku | Trafu | AUC |
|---|---|---|---|
| 240 mg kila saa 6 | 960 mg | karibu 13 | karibu 525 |
| 320 mg kila saa 8 | 960 mg | karibu 10 | karibu 525 |
| 320 mg kila saa 6 | 1,280 mg | karibu 17 | karibu 700 |

Tazama mistari miwili ya juu. Dawa ni ileile, AUC ni ileile, lakini trafu imeshuka kutoka 13 hadi 10 kwa sababu tu ya kurefusha saa kati ya dozi. Anayefuata trafu pekee angedhani mtoto wa mstari wa pili anapata dawa pungufu. Mstari wa tatu ndio unaoniumiza zaidi. Trafu ya 17 ingepigiwa alama ya vema kwenye faili, na mtoto angebeba theluthi zaidi ya dawa kila siku, akiwa amevuka lengo na kusogea kule ambako figo za watoto huanza kuumia, bila faida yoyote kwa mfupa.

Ndiyo maana mtoto anayepewa kila saa 6 mara nyingi huwa na AUC inayozidi 400 trafu ikiwa 7 hadi 10 tu. Kama utatumia trafu, basi tumia hiyo ya watoto.

Pale sampuli mbili zinapoharibika

Nazipendelea sampuli mbili, lakini zina adui mmoja mkubwa, saa. Hesabu yote juu imejengwa juu ya muda halisi. Wodi ikiwa na msongamano, dripu iliyoandikwa kuisha saa 7:00 inaisha saa 8:00 kwa sababu bureti ilipunguza matone mtoto alipokunja mkono. Damu ya "saa moja baada ya dripu" basi imechukuliwa dripu inapomalizika, dawa haijasambaa. Namba inakuja juu mno, mteremko unaonekana mkali mno, na mtoto anaonekana kuitoa dawa kwa kasi asiyokuwa nayo. Fomula haitakuonya. Itakupa jibu safi lenye makosa.

Kuna namna ya kulitambua. Nusu-uhai ikitoka chini ya saa mbili kwa mtoto ambaye si wa ajabu, au piki, yaani kiwango cha juu kabisa, ikipita 60 kwa dozi ya 15 mg/kg, usibadilishe dozi kwanza. Nenda kitandani uulize. Mara nyingi utagundua damu ilivutwa kwenye kanula ileile iliyopitisha dawa. Damu itoke mkono mwingine, na fomu ya maabara iandikwe saa dripu ilipoanza, ilipoisha, na saa sindano ilipoingia. Si saa iliyopangwa. Mimi huomba sista aandike kwa kalamu kwenye plasta ya kanula, kwa sababu karatasi hupotea lakini plasta inabaki mkononi mwa mtoto.

Kingine ni kwamba sampuli mbili ni sindano mbili kwa mtoto aliyekwisha chomwa vya kutosha, na ni vipimo viwili kwa mzazi anayelipa mwenyewe. Kama maabara yenu inakusanya sampuli na kuziendesha mara moja kwa wiki, jibu litakuja wakati swali limeshapitwa. Hapo sampuli mbili zimeongeza maumivu tu. Zipo programu zinazoweza kukadiria AUC kwa sampuli moja zikitumia modeli ya watoto, na mwenye nayo anaweza kumpunguzia mtoto sindano. Modeli iwe ya watoto kweli.

Figo inapoanza kulalamika

Siku ya tano mtoto wetu ametapika usiku kucha na hanywi. Kreatinini imerudi 62. Kwenye karatasi ya maabara hakuna nyota wala mshale, kwa kuwa 62 iko ndani ya kiwango cha kawaida cha mtu mzima. Lakini alianza na 35. Amepanda zaidi ya mara moja na nusu ndani ya wiki, na kwa vigezo vya kimataifa vya figo vya KDIGO hilo tayari ni jeraha la figo la hatua ya kwanza. Namba ya siku ya kwanza ndiyo kipimo cha mtoto. Asiyechukua kreatinini kabla ya dozi ya kwanza amejifunga macho mapema. Kwa mtoto mwenye utapiamlo iangalie kwa makini zaidi, maana misuli yake ni kidogo na kreatinini yake huwa chini hata figo zikiwa zimeumia.

Kabla ya kugusa dozi, ulizia vitu vingine vinavyoipiga figo. Mazungumzo huwa kama haya:

"Mama, kuna dawa nyingine yoyote amepata, hata ya kununua nje?"

"Ni brufeni tu, daktari. Mguu ulikuwa unamuuma sana usiku, nikaona nimsaidie."

Mama hana kosa. Hakuna aliyemwambia. Brufeni na diklofenaki hubana damu inayoingia kwenye figo, na kwa mtoto aliyekauka maji zikikutana na vankomaisini madhara huongezeka. Jentamaisini na amikasini ni hivyohivyo, na lasiksi, na amfoterisini. Mchanganyiko na piperasilini-tazobaktamu nao hupandisha kreatinini. Kwa maumivu, parasetamoli, na ikibidi morfini. Hilo lisemwe kwa mzazi siku ya kwanza, kwa maneno ya wazi.

Trafu ya asubuhi hiyo ni 22. Hapa njia ya kwanza imetosha kabisa kutoa uamuzi wa kwanza: zuia dozi, rudisha maji, acha brufeni, pima mkojo. Kwa mtoto wa kilo 16, mkojo chini ya mL 8 kwa saa, kwa saa sita au zaidi, ni dalili mbaya.

Uamuzi wa pili unahitaji sampuli ya pili. Saa nane baadaye, bila dozi yoyote katikati, kiwango kimeshuka hadi 11. Nusu-uhai umekuwa saa 8 badala ya 3.5. Ujazo ambao dawa husambaa mwilini tunaupata kutokana na hesabu ya kwanza, 960 ÷ 526 ÷ 0.198, karibu lita 9.2, kwa hiyo figo sasa zinasafisha 9.2 × 0.693 ÷ 8, karibu lita 0.8 kwa saa. Tukilenga AUC ya 500 tunazidisha 0.8 kwa 500 na kupata 400 mg kwa siku, yaani 200 mg kila saa 12. Kutoka 960 hadi 400, tofauti ambayo hakuna daktari angeikisia kwa jicho. Na hesabu hii ni ya leo tu. Figo inayobadilika inahitaji kupimwa tena kesho, kwa sababu ikipona haraka mtoto atabaki na dozi ndogo.

Lakini swali la kwanza liwe kama bado tunaihitaji dawa hii. Kama bakteria huyu anauawa na klindamaisini, na kipimo cha diski mbili, D-test, hakionyeshi usugu uliojificha, mfupa unaweza kutibiwa kwa klindamaisini na figo zikapumzika. Hali kadhalika siku ya pili ya matibabu: otesho likionyesha stafilokokasi wa kawaida, hamia kloksasilini siku hiyohiyo. Kloksasilini inawaua hao vizuri kuliko vankomaisini. Otesho likiwa halijaota kitu saa 48 na mtoto anaendelea vizuri, simamisha. Dozi ambayo haikutolewa haihitaji kupimwa.

Nichague ipi?

Mtoto atakayekaa kwenye dawa zaidi ya siku tatu, mwenye MRSA iliyothibitishwa, katika hospitali ambayo jibu la damu hurudi ndani ya siku na wauguzi wanaandika saa halisi: sampuli mbili, ndani ya saa 24 hadi 48 za mwanzo. Mtoto wa ICU, mwenye moyo dhaifu, mnene sana au mwenye figo zinazoyumba, hizo mbili ni za lazima kama kipimo kipo. Baada ya AUC ya kwanza kuwa nzuri na kreatinini kutulia, trafu moja kwa wiki inatosha kuendelea. Unajua tayari trafu yake mwenyewe inamaanisha AUC gani, ilimradi hubadilishi saa za dozi.

Kama maabara inaweza kupima mara moja tu, au saa haziaminiki, chagua trafu, ukilenga 7 hadi 12 kwa dozi ya kila saa 6. Ikiwa juu ya 12 lakini chini ya 15 na mtoto anapona, mwache. Usiifukuzie 15 hadi 20. Ikiwa chini ya 7 na maambukizi ni mazito, panda hadi 70 mg/kg kwa siku, kisha pima tena. Namba yenye shaka ya trafu moja bado ni bora kuliko AUC iliyokokotolewa kwa saa za kubuni.

Na kama hakuna kipimo kabisa, baki kwenye 60 mg/kg kwa siku kwa mtoto wa zaidi ya miezi mitatu mwenye figo nzima, usipande juu ya hapo. Kwa mtoto mchanga hesabu ni tofauti kabisa, dozi hutegemea umri wa mimba na siku za maisha, na bila kipimo cha damu simwanzishii bila kumpigia daktari bingwa. Kreatinini siku ya kwanza, kisha kila saa 48, na kila siku akitapika, akiharisha au akiwa na dawa nyingine ya figo. Pima nepi kwa mizani ya jikoni, gramu moja ni mL moja. Kreatinini ikipanda mara moja na nusu kutoka ile ya kwanza, simamisha dawa na panga rufaa siku hiyo, usisubiri ya kesho.

Rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kutoka Arusha ni safari ya karibu kilomita 80. Barua yake iandikwe uzito, urefu, kreatinini zote na tarehe zake, mililita za mkojo, kila dozi ya vankomaisini na saa dripu yake ilipoanza na kuisha, hasa ya mwisho. Anayempokea akiwa na hiyo saa ya mwisho, damu ya kwanza atakayovuta mapokezi tayari inasomeka, na ya pili baada ya saa nane inampa dozi mpya usiku huohuo.